Dawa za kifua kikuu asubuhi, ulanzi jioni

"Dada muuguzi, mimi ni fundi mwashi hapa Iringa. Nimeanzishiwa vidonge vinne vya kifua kikuu kila asubuhi na nimekatazwa pombe. Ulanzi ninakunywa jioni, saa nyingi baada ya dawa. Ubaya uko wapi? Na siku ya sherehe nikiruka dawa, si nitakuwa salama zaidi?"

Kamwene, kaka.

Kila kidonge chako kina dawa nne: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Tatu za kwanza zinaweza kulidhuru ini, na pombe huongeza hatari hiyo. Ini linapoivunja isoniazidi hutokea mabaki yenye sumu, na kwa mtu anayekunywa mara kwa mara, kimeng'enya kinachoyazalisha huwa kimeongezeka kwa sababu ya pombe. Kimeng'enya hicho hakipungui mara tu ulanzi unapoisha mwilini, ndiyo maana kuachanisha saa za dawa na za kilabuni hakukusaidii. Kuruka dawa ni kubaya zaidi, kwani unalibakizia ini pombe na kuwapa vijidudu nafasi ya kuwa sugu.

Linalonitia hofu zaidi ni kwamba uchovu wa pombe hufanana mno na dalili za kwanza za ini kuumia. Chukua mgonjwa aliye katika wiki ya tano, ambaye anaamka na kichefuchefu, chakula hakimpiti, na mwili umelegea. Asiyekunywa atakuja kliniki kuuliza, ilhali mnywaji atasema ni ulanzi wa jana, atameza panado, ambayo nayo ikizidi hulidhuru ini, kisha ataendelea na vidonge vyake hadi macho yawe ya njano. Hapo dawa husimamishwa, ini husubiriwa litulie kwa vipimo vya damu, ndipo dawa hurudishwa moja baada ya nyingine, na matibabu ya miezi sita hurefuka.

Mkojo wa rangi ya chungwa usikutishe, kwani hiyo ni rifampisini tu. Ukiwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, jitazame weupe wa macho kwenye mwanga wa mchana, maana taa ya ndani hudanganya. Ukiona unjano, ukitapika mara kwa mara au ukipata maumivu chini ya mbavu za kulia, usimeze dozi inayofuata, bali fika kliniki siku hiyo hiyo ukiwa na vidonge vyako.

Ulanzi mtamu wa asubuhi nao uuache, kwa kuwa huendelea kuchacha ndani ya chombo. Ikiwa umekuwa ukinywa kila siku na bila kunywa mikono hutetemeka, mweleze muuguzi wako kiasi halisi kabla hujaacha, kwa sababu kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege, na kwa hali hiyo utahitaji kusimamiwa.