Kwa mwalimu mpya anayesahihisha mpangilio wa elektroni: usiishie kwenye kuhesabu

Wadogo zangu mnaoanza kufundisha kemia Kidato cha Tano, juzi nilipitia rundo la kwizi lililosahihishwa na walimu walio kwenye mazoezi ya kufundisha. Nikakuta tena tiki nyekundu, kubwa, juu ya jibu hili la Fe²⁺:

1s² 2s² 2p⁶ 3s² 3p⁶ 4s² 3d⁴

Nilipouliza kwa nini limepata, nikajibiwa kwa kujiamini: "Mwalimu, nimehesabu, elektroni zimetimia ishirini na nne." Zimetimia kweli, na jibu bado ni kosa. Kila mwaka naiona tiki hiyo, na kila mwaka inaniuma, kwa sababu najua inakompeleka mwanafunzi. Basi nisikilizeni.

1. Soma mwandiko kwanza, kemia baadaye. Kwenye karatasi ya mkono herufi s hufanana na tarakimu 5, na namba za juu hushuka mpaka mstarini. Mwanafunzi anaandika 3d⁵4s¹ bila kuacha nafasi, nawe unasoma hamsini na nne. Tazama anavyoandika s kwenye 1s, mahali ambapo huna shaka alikusudia nini, kisha linganisha na nyingine zote. Kama namba moja imeandikwa juu ya nyingine na huwezi kuamua ni 6 au 8, hesabu jumla ya zilizobaki: mara nyingi jumla itakuambia alikusudia ipi. Ila usimpe alama kwa jumla hiyo kama mwongozo wa kusahihishia unasema jibu lisomeke. Waambieni mapema, kabla ya jaribio, kwamba namba ya elektroni inakaa juu na ni ndogo.

2. Hesabu jumla kabla ya kuangalia mpangilio. Inachukua sekunde chache na inakamata makosa mengi, hasa ya wanaotumia kifupisho cha agoni. Wapo wanaoandika [Ar] 3s² 3p⁶ 3d⁶ 4s², wakasahau kwamba 3s na 3p tayari zimo ndani ya agoni. Jumla inatoka 34 badala ya 26, na hapo huhitaji kubishana na mtu.

3. Kwenye ioni, kuhesabu hakutoshi. Hapa nitakaa.

Fe²⁺ ina elektroni 24. Wanafunzi wako watakuletea majibu matatu, yote yakiwa na jumla ya 24. Wa kwanza ataandika [Ar] 3d⁴ 4s². Wa pili, ambaye huwa ni mwerevu, atakumbuka kwamba kromiamu nayo ina elektroni 24, ataandika mpangilio wa kromiamu: [Ar] 3d⁵ 4s¹. Wa tatu ataandika [Ar] 3d⁶. Huyo wa tatu peke yake ndiye amepata.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimkosesha huyo wa tatu.

Niliandika mwongozo wa kusahihishia kichwani mwangu, nikiwa tayari nimeshika peni. Chuma nilikuwa nimekifundisha kwa mpangilio wa kujaza, 4s² kisha 3d⁶. Nilipofika kwenye ioni nikafuta mbili za mwishoni mwa mstari, nikabaki na 3d⁴. Nikasahihisha mkondo mzima hivyo. Binti mmoja wa PCB akanifuata ofisini na karatasi yake, akasimama pembeni ya meza, akasema, "Shikamoo mwalimu, naomba unielekeze hapa, mimi niliona 4s ndiyo iko nje." Sikumwuliza ameona wapi wala kwa nini anafikiri hivyo. Nilimwambia kilichoingia mwisho hutoka kwanza. Akashukuru, akafuta jibu lake mbele yangu, akaandika la kwangu.

Majuma yakapita. Tukafika kwenye elementi za mpito, nikasimama ubaoni kueleza kwa nini Fe²⁺ huelekea kuwa Fe³⁺. Nikaandika Fe³⁺ kuwa [Ar] 3d⁵, nikasema obitali za d zimejaa nusu, kila moja ina elektroni moja, ndiyo maana ioni hii ni imara. Kijana wa nyuma akafungua daftari lake, akauliza: "Mwalimu, kwa ile njia ya kwenye kwizi, hii si ingekuwa 3d³ 4s²?" Nilitazama ubao. Alikuwa sahihi kabisa. Njia niliyowasahihishia na somo nililokuwa nafundisha haviwezi kuwa kweli vyote viwili.

Niliwaambia hapo hapo kwamba mwongozo wangu ulikuwa na kosa, nikaomba karatasi zirudi. Wengine walikuwa wameshazitupa. Kilichonisumbua zaidi kilikuwa daftari la yule binti. Yeye ndiye aliyekuwa akiongoza diskasheni ya wenzake jioni, na kwa kuwa aliniamini, alikuwa amewafundisha wote kufuta 3d. Aliyekuwa na jibu sahihi kuliko mimi ndiye aliyelisambaza kosa langu, kwa bidii na kwa nia njema. Nilikaa na kundi lile jioni tukarudia ioni moja baada ya nyingine. Baadhi yao waliendelea kuandika 3d⁴ hata baada ya hapo, maana jambo lililokwisha kupata tiki nyekundu haling'oki kirahisi.

Sababu yenyewe ni hii, na ninyi mnapaswa kuijua ili msifundishe kwa kukariri. Kwenye potasiamu na kalsiamu, nishati ya 4s iko chini ya 3d, ndiyo maana 4s inajazwa kwanza. Kuanzia skandiamu mambo yanageuka. Protoni zimeongezeka, zinaivuta 3d chini zaidi. Lakini obitali za 3d ni finyu, na elektroni zikibanana humo zinasukumana sana, kwa hiyo atomu nzima bado inapata nafuu ikiweka mbili kwenye 4s. Atomu inapopoteza elektroni, hizo za 4s, zilizo kwenye ganda la nne, ndizo zinazotoka. Skandiamu yenyewe inashuhudia: Sc²⁺ imebakiza elektroni moja nje ya agoni, na spektra inaonyesha iko 3d, haiko 4s.

Mwanafunzi mbishi mpe manganizi. Mn ni [Ar] 3d⁵ 4s². Ukitoa 4s unapata 3d⁵, elektroni tano zisizo na jozi. Ukitoa kwenye 3d unapata 3d³ 4s², tatu tu zisizo na jozi. Usumaku wa salfeti ya manganizi ukipimwa unalingana na tano. Msimpe Fe²⁺ kwa hoja hii, kwa sababu 3d⁶ na 3d⁴ 4s² zote zina nne zisizo na jozi, na hoja yenu itaanguka mbele ya darasa.

Kwa hiyo kwenye swali la ioni, daini atomu kamili kwanza, mstari wa juu, kisha ioni mstari wa chini. Kuhusu atomu kamili, 4s² 3d⁶ na 3d⁶ 4s² zote mpe alama. Lakini anayeandika 4s kabla ya 3d muwekee alama pembeni kwa penseli, kwa sababu kwenye ioni atafuta kilicho mwishoni mwa mstari. Wafundisheni kuandika kwa kufuata ganda, 3d kisha 4s, na kosa hili litapungua bila hotuba.

4. Nafasi kwenye jedwali hutoka kwenye atomu, haitoki kwenye ioni. Swali ninalolipenda ni hili: ioni M³⁺ ina mpangilio [Ar] 3d⁵, taja piriodi na kundi la M. Jibu linapatikana hivi: 18 na 5 ni 23, rudisha tatu zilizotoka, namba atomia ni 26, hiki ni chuma, [Ar] 3d⁶ 4s². Ganda la nje ni la nne, kwa hiyo piriodi ya 4. Elektroni za 3d na 4s jumla nane, kwa hiyo kundi la 8.

Sasa tazama makosa yanavyokuja. Mwenye "piriodi 3, kundi 5" hakurudisha elektroni hata moja, amesoma ioni kama atomu. Ni yule yule aliyeiweka Cl⁻ yenye 2:8:8 pamoja na agoni alipokuwa Kidato cha Pili, na hakuna aliyemkamata.

Wa kuangalia kwa makini ni mwenye "piriodi 3, kundi 8". Ukisahihisha majibu ya mwisho tu utampa kundi, utamnyima piriodi, mtaendelea. Soma kazi yake hapo juu. Amerudisha elektroni tatu, lakini zote amezitia kwenye 3d, akapata [Ar] 3d⁸. Jumla ni 26, sawa. Kundi limetoka 8, sawa, maana nane ni nane hata zikikaa pasipo pake. Piriodi ndiyo imemfichua. Usiandike "rudia" pembeni. Andika "4s iko wapi?" ajue pa kwenda.

5. Namba za makundi. IUPAC ilichapisha mfumo wa 1 mpaka 18 mwaka 1988, lakini vitabu vingi vya maktaba za shule bado vina namba za Kirumi. Klorini ikiandikwa kundi la VII au 17, mpe, mradi mwongozo wenu umesema hivyo kabla hamjaanza kusahihisha. Anayeandika "kundi 7" kwa tarakimu za kawaida ndiye anayeleta ugomvi, kwa kuwa kwenye mfumo mpya hapo ni kwa manganizi. Kubalianeni mapema, wote mnaosahihisha, na swali liseme mfumo upi.

6. Heliamu ni 1s², na inakaa kundi la 18. Ukiwa umefundisha "elektroni za nje mbili, kundi la pili" bila kuitaja, kosa lao ni la kwako.

7. Kosa linalobebwa mbele. Mwanafunzi akiandika atomu ya chuma vibaya, tuseme [Ar] 3d⁵ 4s², kisha akaiweka piriodi ya 4, kundi la 7, mimi namnyima alama ya mpangilio na kumpa za nafasi, kwa kuwa amesoma sawasawa kile alichokiandika. Ila fanyeni hivyo pale tu kazi inapoonekana kwenye karatasi. Aliyeandika "kundi 7" peke yake, bila mstari wowote juu yake, hana cha kubebwa, na hapo alama ni sifuri.