Doa la maji ukutani: fundi bomba, fundi umeme na fundi rangi, nani aanze?

Wadogo zangu mnaoanza hii kazi ya matengenezo ya majumbani, kuna simu moja mtaipokea sana. Mwenye nyumba yuko kazini, ana haraka, anakwambia "fundi kuna sehemu rangi imebabuka chumbani, njoo unipakie, Jumamosi nina wageni". Ukienda na rola na ndoo ya rangi umeshakosea, maana kazi hiyo mara nyingi ni ya mafundi watatu kwenye ukuta mmoja.

Nieleze ukuta mmoja niliofanya mwenyewe. Mama mmoja aliniita, ukuta wa chumbani kwake umeota mapovu ya rangi, kuna unga mweupe kama chumvi, na katikati ya hilo doa kuna soketi. Lilishapakwa rangi mara mbili na fundi mwingine, na mara zote lilirudi. Kabla sijaenda nilimuomba picha kwa wasap na nikamuuliza maswali matatu tu: nyuma ya ukuta huo kuna nini, doa linakua mvua ikinyesha au hata kiangazi, na lilianzia juu au chini. Akasema nyuma kuna bafu, mvua haihusiki, na lilianzia usawa wa kifua. Hapo tayari nusu ya kazi imeisha, kwa sababu unyevu unaopanda kutoka ardhini huanzia chini kwenye msingi, hauanzii kifuani.

Kwa hiyo anaanza fundi bomba, na fundi bomba haanzi na patasi, anaanza na mita. Funga bomba zote za nyumba, hakikisha tanki la choo limeshajaa, piga picha namba za mita, kaa nusu saa bila mtu kugusa maji halafu piga picha tena. Kwa yule mama ilitembea lita 6. Zidisha mwenyewe, ni lita 12 kwa saa, karibu lita 300 kwa siku zinaingia ukutani na hakuna anayeziona. Lakini angalia hapa ndo wengi wanadanganyika, kama nyumba inatumia tanki la juu mita haitakuonyesha kitu kinachovuja baada ya tanki mpaka boya lishuke, hapo funga maji yanayoingia tankini, weka alama ya kina cha maji, urudi kuangalia baada ya masaa kadhaa. Na mita ikitulia kabisa usiseme ukuta ni mzima, inawezekana tatizo liko kwenye maji machafu, siphoni au fuga za vigae ambazo zinapitisha maji mtu anapooga tu. Hapo mwaga ndoo ya maji moja kwa moja kwenye tundu la kutolea maji bila kulowesha ukuta, subiri, halafu siku nyingine lowesha vigae peke yake, utajua ni kipi.

Nilifunga valvu ya bafu peke yake, mita ikatulia. Basi ni bafuni. Nikatoboa upande wa chumbani, sio upande wa vigae, maana lipu unairudishia kirahisi ila kigae cha miaka mingi hupati kinachofanana. Ilikuwa kona ya bomba la plastiki la PPR inayoshika mikisa ya shawa, na haikuvuja kwenye nyuzi kama nilivyodhani, ilivuja pale ilipochomelewa. Ukiangalia kwa tochi unaona ile pete ya plastiki iliyoyeyuka haijazunguka bomba lote, upande mmoja ipo upande mwingine hakuna, yaani aliyechomelea hakuacha bomba lipate moto vizuri. Bomba la milimita 20 linataka mashine ya kuchomelea ifike nyuzi joto 260, unalipasha sekunde 5, unaliingiza moja kwa moja bila kulizungusha, unashika lisicheze mpaka ligande, na usilifungulie maji mapema. Na likiwa na maji ndani usichomelee, tone moja tu linapooza plastiki na mvuke unaacha matundu. Fungua bomba la chini kabisa maji yaishe, kausha na kitambaa, kata kona ya zamani, weka mpya.

Halafu usizibe shimo siku hiyo hiyo, hata mwenye nyumba akikusihi. Rudia kile kipimo cha mita cha nusu saa, acha shimo wazi usiku mzima, kesho yake pitisha kitambaa kikavu kwenye kila maungio. Nilimweleza yule mama hivyo akakubali, wageni walikaa chumba kingine.

Fundi umeme ndiye anayefuata na hapa nawasihi jamani, soketi iliyokaa kwenye ukuta wenye maji ni hatari kwa maisha ya watu. Siku ya kwanza kabisa ukiliona doa, zima breka ya hiyo laini, kabla hata ya mambo ya mabomba. Pima kwanza tesita yako kwenye soketi unayojua ina umeme, pima hii uliyozima, kisha rudi kwenye ile yenye umeme kuhakikisha tesita haikufa katikati. Nilipoitoa soketi vituo vyake vya kufungia waya vilikuwa na ukungu wa kijani, hiyo haisafishwi, inatupwa. Waya zikapimwa na mega, kile kipimo cha kuona kama ganda la waya linavujisha umeme, kwa volti 500 vifaa vyote vikiwa vimechomolewa, ikasoma megaomu 0.2, wakati inatakiwa isipungue 1. Kama huna mega wala leseni usibahatishe, mwite fundi umeme aliyesajiliwa na umwache yeye aamue. Kwetu ilibidi tusubiri kijisanduku cha soketi kikauke, waya zikabadilishwa mpaka kwenye jointi, ndipo ikapita.

Fundi rangi anakuja mwisho na ndiye anayesubiri kuliko wote. Rangi yote iliyolegea inakwanguliwa mpaka ufike kwenye lipu ngumu, ile chumvi nyeupe inafagiliwa kwa brashi kavu, usiioshe maana maji yanaiyeyusha na kuirudisha ndani ya ukuta. Kipande cha lipu mpya ya sementi kipe kama wiki 4. Kujua kama ukuta umekauka bandika nailoni ya kama nusu mita kila upande, ziba pembeni zote kwa tepu, iache siku nzima. Matone yakiwa ndani ya nailoni ukuta bado unatoa maji, yakiwa juu yake ni unyevu wa chumba tu, fungua madirisha. Ya kwanza niliyobandika kwa yule mama ilikuwa na matone, nikampigia kumwambia bado, tukapima tena baada ya siku 10 ikawa kavu. Ndo tukapiga praima inayohimili sementi, puti, msasa, emulsheni mikono miwili.

Kwa mtu mwenye shughuli nyingi panga tangu mwanzo, mwambie atahitajika nyumbani siku ya mita, siku ya umeme na siku ya kukabidhi tu, kati ya hapo mtumie picha. Na kabla ya kuziba lile shimo weka futi ukutani pembeni ya bomba, piga picha ionekane bomba liko sentimita ngapi kutoka sakafuni na ngapi kutoka kona, umtumie aitunze, siku akitaka kupiga msumari wa kutundika kioo aanzie kuiangalia hiyo.