"Kanisi" si kanisa

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Marehemu baba yetu aliacha kaseti isiyo na jalada, na ndani yake kuna wimbo wa gitaa alioupenda mno. Nimejitahidi kuandika mistari mitatu jinsi ninavyoisikia:

*Na kanisi yo mukolo na mukolo*
*mutema na ngayi ezo pasuka*
*soki oke na kutikala na nani*

Mwalimu wetu wa kwaya anasema hicho ni Kiswahili cha Kongo na wimbo ni wa kanisani, maana unataja kanisa, kupasuka na "na nani". Tafsiri yake ni hii: "Na kanisa hilo, kizazi na kizazi, mioyo yapasuka kwa toba." Je, yuko sahihi? Tungependa kuupiga siku ya arobaini. (Msomaji, Tabora)

JIBU: Marahaba, na poleni sana kwa msiba. Lugha hiyo ni Kilingala. Kanisa halimo kabisa katika mistari yako, na hiyo toba sijui mwalimu wa kwaya ameitoa wapi, maana hata kwa kubahatisha hakuna sauti inayoifanania.

Simlaumu yeye peke yake. Karibu kila barua ninayopokea kuhusu nyimbo inakuja na kosa hilohilo. Mtu anasikiliza, anadaka maneno mawili matatu anayoyafahamu, kisha anaitaja lugha kwa hayo. Lakini lugha za Kibantu zimerithi mzizi mmoja kwa mamia ya maneno, na watunzi wa nyimbo wanapenda hasa yale tunayochangia: moyo, mama, mtoto, kufa, kulia. Chukua hilo "mutema" lako. Waganda husema *omutima*, Wanyarwanda na Warundi *umutima*, wasemaji wa Kikongo *ntima*, Wamalawi *mtima*, na washairi wetu wa pwani nao wana *mtima*. Kwa hiyo ukiisikia "tima" katika wimbo umejua kwamba ni Kibantu, basi. Hujajua kama mwimbaji ni wa Kampala, wa Blantyre au wa Lamu.

Kinachotofautisha lugha hizi ni viambishi: vinavyotangulia kitenzi, vinavyokifunga, na jinsi "mimi" na "wewe" wanavyopangwa katika sentensi. Vipande hivi vidogo hakuna anayevisikiliza, na kwa kuwa havivutii sikio, mwandishi huvinukuu bila kuvirekebisha. Hapo ndipo ushahidi ulipo.

Anza na "na kanisi yo". Umeitenga "na" kwa kuwa sikio lako limezoea "na" ya kuunganisha. Iunganishe: *nakanisi*. Sasa ni kitenzi, na kiambishi cha mbele ni cha "mimi". Hapa ndipo Mswahili anaponaswa, kwa sababu na sisi tunasema "nakupenda", "naenda". Lakini tazama mwisho wake. Vitenzi vyetu vyenye asili ya Kibantu karibu vyote huishia na *a*: napenda, nalia, nawaza. Ile *i* ya mwisho tunaipata katika kukanusha, kama "sipendi", au katika maneno ya kukopa kama "nafikiri" na "nasafiri". Katika Kilingala *i* hiyo ni jambo la kawaida kwa tendo la sasa au lililotoka kutendeka: *nalingi*, napenda, *nayebi*, najua, *nakanisi*, nawaza. Kitenzi chenyewe ni *kokanisa*, kufikiri. Kimefanana na kanisa letu kwa bahati tu, kwani la kwetu limetoka Kiarabu.

Halafu inafuata "yo", ambayo mwalimu wa kwaya ameifanya "hilo". Hii ndiyo alama ninayoithamini kuliko zote katika mistari yako. Kiswahili humwingiza mtendwa ndani ya kitenzi: na-ku-waza. Kiganda hufanya hivyo, *nkwagala*, na Kinyarwanda vilevile, *ndagukunda*. Kilingala cha mjini humwacha nje, baada ya kitenzi, akisimama peke yake: *nakanisi yo*, nakuwaza wewe. Kiswahili cha Kongo, pamoja na kusema *batu* mahali pa "watu" na mengine mengi yanayotushangaza, bado humweka "ku" ndani ya kitenzi. Kwa hiyo hoja ya mwalimu wa kwaya imeanguka kabla hatujamaliza mstari wa kwanza.

Ipo lugha nyingine ya huko inayomwacha mtendwa nje, nayo ni Kituba, ile Kikongo ya mjini inayotumika kusini-magharibi mwa Kongo zote mbili. Nayo, kama Kilingala, ilikulia katika biashara na safari za watu wa makabila mengi, na viambishi vyake vingi vimepukutika. Lakini Kituba kingesema *nge* kwa "wewe" na *mono* kwa "mimi". Wewe umeandika "yo" na "ngayi". Mstari wa pili unakamilisha: *motema na ngai*, moyo wangu. Sisi tungesema "wangu", neno linalokubaliana na ngeli ya moyo. Kilingala cha mjini kinatumia *na ngai* kwa chochote, kiwe moyo, nyumba au watoto.

Umeandika "mukolo" na "mutema" kwa *u*. Hilo si kosa lako. Sikio lenye *mu-* za Kiswahili haliko tayari kusikia *mo-*, likaandika lilichozoea. Ndivyo pia ilivyotokea kwa "na kutikala", ambayo ni *nakotikala*, nitabaki: *ko* ya wakati ujao imegeuka *ku* ya kwetu. Ukishajua sikio lako linakosea upande gani, makosa hayo yanakuwa na faida, maana yanakwenda upande mmoja kila mara. Kwa "oke" nina uhakika mdogo zaidi. Nadhani ni *okei*, umeenda, na mwimbaji ameimeza *i* ya mwisho kama waimbaji wanavyofanya. Hata tukiifuta kabisa, mistari mingine inatosha.

Basi inasomeka hivi: *Nakanisi yo mokolo na mokolo, motema na ngai ezopasuka, soki okei nakotikala na nani.* Nakuwaza siku baada ya siku, moyo wangu unapasuka, ukienda nitabaki na nani. Kupasuka na "na nani" ni kweli zinafanana na za kwetu, kwa sauti na kwa maana. Zilikuwa kweli mbili kati ya maneno ya kubuni, na ndizo zilizompa mwalimu wa kwaya ujasiri wa kuendelea.

Hiyo *ezo* nayo ina la kusema. Ni mkato wa mazungumzo ya Kinshasa. Kilingala cha vitabuni, kile wamisionari Wakatoliki walichokisawazisha kule Makanza mwanzoni mwa karne ya 20, kingeandika *mozali kopasuka*, kikifuata ngeli ya *motema*. Kwa hiyo huu hautoki katika kitabu cha nyimbo za misa. Je, ni wa mapenzi? Yaelekea, lakini hapo nasimama. Makanisa ya uamsho ya Kinshasa huimba kwa lugha ya mtaani, na "wewe" katika mistari mitatu anaweza kuwa mke, mume, rafiki au Mungu. Lugha nimeitambua, anayeimbiwa sijamwona. Sikilizeni beti zilizobaki. Likitajwa *Nzambe* au *Yesu* mtajua, na likitajwa jina la mtu mtajua pia.

Jibu langu mnaweza kulipima wenyewe bila kunitegemea. Kilingala hukanusha kwa *te*, na hukaa mwishoni: *nayebi te*, sijui. Wimbo mzima wa mtu anayelalamika hauwezi kukosa kukanusha. Rudisheni kaseti mwanzo msikilize miisho ya sentensi tu. Mkisikia *te* mara mbili tatu, mambo yamethibitika. Mkisikia *ve*, nimekosea na ni Kituba, niandikieni. Fanyeni hivyo kwenye beti za taratibu kabla ya sebene. Sebene ikishaanza, atalaku, au rapa kama bendi zetu zinavyomwita, anapiga kelele za kuchochea dansi na kutaja majina ya matajiri na marafiki, na kutaja huko ndiko kunakoitwa *mabanga*. Nimewahi kuletewa ukurasa mzima wa majina ya watu niutafsiri.

Sasa niseme na wengine mnaotuma mistari, kwa sababu msomaji huyu amefanya jambo moja ambalo wengi hawafanyi: ameandika alichosikia. Wengi mnasafisha. Mnasikia *ngai*, mnaona haina maana, mnaandika "nguo". Mnasikia mstari mmoja ukirudiwa mara nne kwa namna nne, mnachagua ile inayofanana na Kiswahili na kufuta tatu. Nikipokea karatasi hiyo imeshakuwa Kiswahili kibovu, na hakuna mtaalamu anayeweza kuirudisha. Andikeni marudio yote, hata yakigongana. Acheni nafasi pale mwimbaji anapovuta pumzi, si pale mnapodhani neno limeisha. Na msiombe msaada kwa mtu anayetoa tafsiri nzima kabla hajaonyesha kitenzi ni kipi. Wapo wanaofanya hivyo kwa fedha, na tafsiri zao siku zote ni nzuri, zina toba na hekima za wahenga.

Uzito unazidi pale watu wanapotumia mbinu hii kutafuta asili. Naletewa wimbo wa ngoma wa bibi, mistari miwili isiyoeleweka, na swali: je, ukoo wetu ulitoka Kongo? Nyimbo husafiri bila wenyewe. Bendi za Kikongo ziliweka makao Dar es Salaam na Nairobi na kuimba Kilingala na Kiswahili katika onyesho moja, na watoto wa Kariakoo waliimba *nalingi yo* bila ndugu hata mmoja ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Zanzibar iliimba taarab kwa Kiarabu mbele ya wasikilizaji ambao wengi hawakukijua, mpaka Siti binti Saad alipoileta kwa Kiswahili na kuirekodi Bombay mwaka 1928. Ngoma za pepo ndizo ngumu zaidi, maana humo maneno yasiyoeleweka huhifadhiwa makusudi, na kila kizazi huyaimba kama kilivyoyasikia. Mistari miwili ya namna hiyo nikipewa, nikaona irabu ya mbele kama ya *omuntu* na kiambishi kimoja cha kuaminika, najibu "Kibantu, pengine cha ukanda wa maziwa makuu" na siendi mbali zaidi, hata mzee wa ukoo akinuna.