Mbegu za iodini ndani ya prostati: hesabu ya mionzi na damu ya choo

Mzee akirudi Lubumbashi kutoka kutibiwa saratani, na mbegu za iodini-125 ndani ya prostati, yaani tezi dume, familia huuliza zitatolewa lini. Hazitolewi. Ni vifuko vidogo vya titani, urefu wa milimita 4,5 hivi, na vinabaki humo maisha yote. Kinachoisha ni mionzi, nayo ina hesabu yake.

Nguvu ya iodini-125 hupungua kwa nusu kila siku 59,4. Kipimo cha kawaida, mbegu zikitumika peke yake, ni grei 145, grei ikiwa kizio cha mionzi ambayo mwili umepokea. Kupata jumla hiyo, chukua kasi ya mionzi ya siku ya kwanza, zidisha kwa nusu-uhai, yaani zile siku 59,4, kisha kwa 1,44. Kasi ya mwanzo ni kama grei 1,69 kwa siku: 1,69 × 59,4 × 1,44 inakupa karibu 145.

Tuseme mbegu ziliwekwa tarehe 10 Machi. Kufikia 8 Mei prostati imepokea nusu, grei 72 na kidogo. Tarehe 7 Julai imefika 109, na mwanzoni mwa Septemba 127. Kwa hiyo mkojo unaowaka na kumwamsha mzee usiku mara nyingi huwa mbaya zaidi wiki za mwanzo, kasi ikiwa bado juu. Ndiyo miezi miwili ya mwanzo ambayo wajukuu hawapakatwi na mwenye mimba hakai ubavuni pake muda mrefu. Lakini muulizeni daktari ni madini gani: paladi-103 ina nusu-uhai ya siku 17 tu, na kalenda hii haiifai.

Sasa utumbo wa nyuma. Ukuta wake wa mbele umegusana na prostati, na mionzi ya iodini, ingawa ni dhaifu, inaufikia. Wanaopanga matibabu hujitahidi sentimita 2 za ujazo za utumbo huo zinazopigwa zaidi zisivuke grei 145. Mbegu moja ikikaa nyuma mno, kipande hicho hupokea zaidi, na madhara yake hayaonekani upesi: damu nyekundu kwenye choo inaweza kuanza mwaka mzima baadaye, wakati mbegu karibu zimekufa. Hapo watu husema haiwezi kuwa mionzi. Inaweza, kwa sababu tishu hulipa jumla ya mionzi iliyopokea, hata kasi ya leo ikiwa karibu sifuri.

Kosa baya zaidi hutokea hapa. Daktari asiyejua habari za mbegu anapitisha kamera, anaona ukuta wa mbele mwekundu wenye vishipa, anakata kipande cha kupima. Jeraha hilo, kwenye nyama iliyopigwa mionzi, huenda lisifunge, likawa fistula kati ya utumbo na njia ya mkojo. Kamera ipite, ndiyo, maana damu inaweza kuwa na sababu nyingine. Ila ukuta wa mbele usikatwe kabla ya kuongea na waliopandikiza. Mzee atembee na karatasi yenye aina ya mbegu, idadi, tarehe na kipimo, na aitoe kabla hajavua nguo.