Yai pacha, au viini pacha?

*Shikamoo maalim. Hapa kwetu Wete tembe wangu kataga yai kubwa, kulivunja nikakuta viini viwili. Jirani anasema hilo ni "yai pacha", mke wangu analiita "yai la kiini mbili". Nani kapatia, na limekuwaje?*

Marahaba. Mkeo namsamehe, kateleza upatanisho tu: kiini kimoja, viini viwili. Jirani yako ndiye anayeninyima usingizi, kwani hilo "yai pacha" nalisikia hata sokoni Darajani, tena kwa bei ya juu.

Kuku hutumia ovari moja, ya kushoto. Viini hukua humo kama kishada cha zabibu, kila kimoja kwa zamu yake. Tuseme kimoja kimeiva na kuachiwa saa mbili asubuhi. Hudakwa na mdomo wa mrija wa mayai, uliotanuka kama faneli, na hapo ndipo mbegu za jogoo hukikuta kama zipo. Saa mbili u nusu kinaanza kuviringishiwa ute, kazi ya saa tatu hivi. (Ute, kwa wasiojua, ndio umoja wa mate.) Kisha hufungwa ngozi mbili nyembamba, zile unazozibandua kwenye yai la kuchemsha. Saa saba kasorobo mchana huingia penye kutia ganda la chokaa, na huko hukaa saa ishirini nzima. Yai latoka kesho yake, karibu saa tatu asubuhi. Kwa kawaida kiini kingine hakiachiwi mpaka hilo litoke.

Tembe anayeanza kutaga, homoni zake bado hazijashika mpango. Viini viwili huiva pamoja, cha pili huanguka punde baada ya cha kwanza, vikafuatana mrijani, vikavishwa ute mmoja na ganda moja. Akizoea kazi, akawa mtetea kamili (jina limetoka kwenye *kutetea*, kile kelele chake akishataga), jambo hili hupungua.

Sasa, pacha yuko wapi? Jirani atakutajia ndizi pacha. Haya, ndizi pacha ni ndizi mbili zilizogandana. Mayai mawili yako wapi hapa? Ganda moja, ute mmoja, umelivunja mara moja, umelila kwa mkate mmoja! Walioiva pamoja ni viini. Basi sema "yai la viini pacha", nami nitanyamaza. "Yai pacha" nitalikubali siku kuku atakapotaga mawili yaliyoshikana.

Ukipata jingine, limulike kwa tochi gizani: utaona vivuli viwili. Usimwekee kuku aatamie. Hata likiwa na mbegu, vifaranga wawili hubanana, hewa na nafasi ya kugeuka huwa haba, na aghlabu hufia ndani. Likaange, na jirani umkatie nusu.