Jibu la msomaji: Nairobi na Turkana kwenye mgao wa kaunti

Swali la wiki: "Nairobi ina watu wengi kuliko kaunti zote, mbona Turkana inapata pesa zinazokaribia zake?"

Mimi ni msomaji wenu wa kutoka Lodwar na hii mambo naifuatilia sana. Tuchukue ile fomula ya kwanza ya Tume ya Ugavi wa Mapato, ndo rahisi kuelewa. Pesa za kaunti zote 47 ziligawanywa mafungu, idadi ya watu asilimia 45, mgao sawa 25, umaskini 20, ukubwa wa ardhi 8, na 2 za nidhamu ya matumizi. Halafu kila fungu linagawanywa kivyake, hapo ndo watu wengi hupotea.

Sasa chukua shilingi 100 ya kaunti zote. Kwa sensa ya 2009 Nairobi ilikuwa na watu milioni 3.1 kati ya milioni 38.6, yaani asilimia 8 hivi, so kwa fungu la watu inabeba kama shilingi 3.65. Turkana na watu wake laki nane na nusu inabeba shilingi 1 tu. Mgao sawa kila kaunti inapata senti 53, hakuna mkubwa hapo. Ardhi, Turkana ina karibu asilimia 12 ya Kenya nzima lakini fomula iliweka kikomo cha asilimia 10, kwa hivyo inapata senti 80, Nairobi ni ndogo sana ikapewa kiwango cha chini cha asilimia 1, yaani senti 8.

Kilichobeba Turkana kabisa ni umaskini, karibu shilingi 1.65, Nairobi kama senti 70, kwa sababu hawakuhesabu tu maskini ni wangapi, waliangalia pia wako chini ya mstari wa umaskini kwa umbali gani. Jumlisha yote Turkana inafika kama 4, Nairobi 5. Mwaka wa 2013/14 kaunti ziligawana bilioni 190, so Turkana ilipata kama bilioni 7.7 na Nairobi 9.5.

Kwa maoni yangu ile 8 ya ardhi ni kidogo mno, na kile kikomo pekee kilitunyima kama milioni 270 mwaka huo. Mama mjamzito wa Kibish anahitaji ambulensi itembee kutwa nzima, mafuta na tairi za safari hiyo hazijui idadi ya watu.

Udhaifu mkubwa wa maoni yangu ni kwamba ukiongeza uzito mahali lazima upunguze kwingine. 2020 Seneti ilikwama wiki nyingi ikibishania fomula mpya, upande mmoja ukisema mtu mmoja kura moja shilingi moja, huku kaunti za kaskazini na Pwani zikiona zitapoteza mabilioni. Walikubaliana Septemba tu, baada ya kuahidiwa kwamba fomula mpya itangoja mwaka ufuatao na fungu lote lipande kutoka bilioni 316.5 hadi 370, ndio kusiwe na kaunti inayorudi nyumbani na pesa chini ya zile za mwaka uliopita.