Yuko, yupo au yumo? Majibu kwa wasomaji wa Tanga

Nimeandika “Mama yuko sokoni Mgandini.” Mwenzangu anang’ang’ania kwamba ni lazima niandike “yupo”. Je, sentensi yangu ni sahihi?

Sahihi kabisa, usiifute. Hata ya mwenzako ni sahihi. Alichokosea ni hilo neno “lazima”.

Viambishi hivi vimetoka katika ngeli ya mahali, PA-KU-MU. *Po* huelekeza mahali mahususi, panapojulikana, ambapo msemaji anaweza kupanyooshea kidole. *Ko* huelekeza upande au eneo kwa ujumla, bila kupabana. *Mo* ni ya ndani. Ukitaka kupima, weka kionyeshi kinacholingana nacho usikilize: yupo *pale*, yuko *kule*, yumo *mle*. Watu wengi hudhani kipimo ni umbali, kwamba *po* ni ya karibu na *ko* ya mbali. Sivyo. Mtu aliye Mwanza hukwambia kwa simu “Nipo Mwanza” na hajakosea, maana yeye amesimama papo hapo. Na mtoto aliye chumba cha pili waweza kusema “yuko chumbani”.

Sikiliza mazungumzo ya kawaida ya dukani Ngamiani. Mteja anapiga simu kumuulizia fundi cherehani:

– Fundi yupo?
– Hayupo, yuko Pongwe.
– Pongwe wapi?
– Yupo pale stendi, anasubiri gari.

Swali la kwanza halihusu mahali hasa, linauliza kama fundi anapatikana. Hiyo ni kazi ya *po*, na ndiyo maana twasema “Mungu yupo” au “chumvi ipo” bila kutaja popote. Kijana wa dukani anajibu “hayupo”, halafu anahamia kwenye *ko*, kwa kuwa sasa anataja upande alikoelekea fundi. Alipobanwa ataje penyewe, amerudi kwenye *po*. Hakuna aliyemfundisha. Sasa geuza jibu lake: “Hayuko, yupo Pongwe.” Utaeleweka, lakini kwa masikio ya huku kwetu hiyo “hayuko” inaning’inia, msikilizaji anasubiri umtajie wapi.

Basi tofauti ina nguvu pale mahali pasipotajwa. Ukishataja jina la mahali, kama ulivyotaja Mgandini, jina limekwisha kufanya kazi ya kupabainisha, na kiambishi chochote kati ya hivyo viwili kitakaa vizuri. “Yuko sokoni” ni jibu la mtu anayeeleza mama ameelekea wapi. “Yupo sokoni” ni la mtu mwenye hakika kwamba mama yuko hapo sasa hivi, ukienda utamkuta.

“Uko wapi?” na “Upo wapi?”, ipi bora?

“Uko wapi” ina mantiki zaidi, kwa sababu anayeuliza hapajui mahali penyewe. Hata hivyo “upo wapi” imeenea sana Tanzania na siwezi kuiita kosa. Kwenye mtihani andika ya kwanza, utakuwa salama. Katika kujibu, ukiwa mahali penyewe, “nipo hapa Chumbageni” inapendeza kuliko “niko hapa”, kwa kuwa *hapa* na *po* ni ndugu.

Je, naweza kusema “dereva yupo ndani ya gari”, au ni lazima “yumo”?

Unaweza, na kila mtu husema. Lakini ninaumia kuona *mo* ikiachwa, maana inabeba jambo ambalo hizo mbili nyingine hazilibebi. Ukisema “yupo kwenye gari” unaweza kuwa unataja tu mahali pa kumkutia. Ukisema “yumo garini” umeshamwingiza ndani. Watalii wakienda Amboni, “wako Amboni” ni wale walio katika eneo lile kwa jumla. “Wapo mapangoni” wamefika penyewe, pengine wamesimama mlangoni wakilipa. “Wamo mapangoni” wamekwisha kuingia gizani na tochi zao. Mwongozaji anayehesabu watu wake kabla ya kutoka anahitaji hiyo ya tatu.

*Mo* hufaa pia kwa kilichomo katika kundi au maandishi: jina lako limo katika orodha, nami nimo katika msafara.

Kwa nini tunasema “yuko” na si “ako”, wakati tunasema “anakuja”?

Kwa sababu hapa hakuna kitenzi cha kawaida chenye mzizi na kiambishi cha wakati. Kilichopo ni kiambishi cha nafsi kilichobandikwa *ko*. Katika umbo hili nafsi ya tatu umoja huchukua *yu-*, ileile ya “yu hai” na “yu mgonjwa”, na unaiona pia ndani ya *huyu* na *yule*. “Ako” utaisikia sana mtaani upande wa pili wa mpaka, Horohoro ukishavuka, lakini katika Kiswahili sanifu andika “yuko”. Nafsi nyingine hazina tatizo: niko, uko, tuko, mko, wako.

Hiyo ya mwisho huwatisha wanafunzi katika “Watoto wako wako wapi?” Sentensi hiyo haina kosa. “Wako” ya kwanza ni ya kumiliki, ya pili inaeleza mahali.

Ukitaka wakati uliopita au ujao ndipo kitenzi *kuwa* kinaingia, na *a-* inarudi mahali pake: alikuwako Pangani, atakuwapo kesho. “Alikuwepo” na “alikuwemo” nazo zimezoeleka hadi magazetini. Ziandike bila wasiwasi.

Mwalimu alinisahihisha “Sijui yuko” akaandika “Sijui aliko.” Kuna tofauti gani?

Mwalimu yuko sahihi. “Sijui yuko wapi” imekamilika kwa sababu ya *wapi*. Ukiliondoa neno hilo, unahitaji kirejeshi, yaani umbo lenye maana ya “mahali ambako yeye yuko”: *a-li-ko*. Vivyo hivyo twasema nionyeshe *alipo*, au chumba *alimo*.

Viambishi hivyohivyo huingia katikati ya kitenzi na kubaki na maana zao: mtaa *anapokaa*, kijiji *anakotoka*, nyumba *anamoishi*. Mtu aliyehamia Raskazone kutoka Lushoto atasema “Raskazone ninapokaa” na “Lushoto nilikotoka”. Akivibadilishana viambishi hivyo viwili hatapotosha maana, ila mpangilio wake wa kwanza unaonyesha vizuri alipo na upande aliotokea.

Tahadhari moja katika umbo hili: *po* hutumika pia kwa wakati, jambo ambalo *ko* na *mo* hazifanyi. Chukua “Alipolala palikuwa na mbu” na “Alipolala mbu walikuja.” Katika ya kwanza ni mahali, na unalitambua hilo kwa *pa-* ya “palikuwa” inayopatana nalo. Katika ya pili ni wakati, yaani baada ya kulala. Upatanisho wa *pa-* usipokuwapo na sentensi ikaweza kusomwa kwa namna zote mbili, anza na neno “mahali” au “pale” kwa mahali, na “wakati” kwa wakati: “mahali alipolala”, “wakati alipolala”.